Hatua ya Pili

Wakonyo alikuwa mtu wa kuandika, si mtu wa kusema. Mbele ya watu sauti yake ilikimbia ikajificha, na maneno yaliyobaki mdomoni yalitoka kwa kusukumana kama ng'ombe langoni. Kwa hiyo alipopandishwa cheo akawa meneja wa maafisa wa nyanjani, katika kampuni moja ya mbegu za mahindi mjini Kitale, alimshukuru Mungu kwa jambo moja: sehemu kubwa ya umeneja ni barua.

Na Julai ulikuwa mwezi wa barua. Kila mwaka, msimu ukifika katikati, meneja aliketi na kila afisa wake wakaitazama kazi ya miezi iliyopita. Baada ya kikao humwandikia barua: yaliyokwenda vizuri, yaliyolegea, na hatua walizokubaliana za kurekebisha, kila hatua na tarehe yake. Afisa huisoma. Akiridhika, huandika herufi za jina lake kando ya kila hatua, hutia sahihi mwisho, na akiwa na neno lake huliandika chini mahali palipoachwa wazi. Nakala moja hubaki kwake, nyingine hurudi Kitale kwenye faili.

"Si barua ya onyo," Cherop alipenda kusema. Cherop ndiye aliyesimamia mambo ya wafanyakazi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. "Onyo unaandika peke yako. Hii mnaandika wawili, ila kalamu anashika mmoja."

Barua za maafisa wengine zilimalizika upesi. Iliyomsumbua Wakonyo ilikuwa ya Hillary Sifuna, afisa wa upande wa Bungoma.

Sifuna hakuwa mvivu. Kimilili wakulima walimpenda, Chwele walimwimbia. Alikuwa kijana mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, na akipita sokoni na pikipiki ya kampuni, akina mama wa mboga walimwita "mwalimu". Lakini ripoti zake zilichelewa, na Bokoli ilikuwa pengo. Kule kampuni ilikuwa na shamba la mfano, ambapo aina mbalimbali za mahindi zilipandwa mistari kwa mistari wakulima waje wajionee. Tangu palizi ya kwanza Sifuna hakuwa amelikanyaga. Hata siku ya wakulima, ile sherehe ya kuwaalika majirani waone mahindi yakiwa bado shambani, hakuwa ameipangia tarehe.

Siku ya kikao chao yeye na Wakonyo walikuwa wameketi kwenye stoo ya Bungoma, katikati ya magunia, sahani ya ndizi mbivu mezani. Sifuna alikuwa akisimulia mechi za Kombe la Dunia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa golikipa. Wakonyo alipolitaja shamba la Bokoli, hadithi ilikatika.

"Kuna shida gani kule?" Wakonyo aliuliza.

"Hakuna shida, Madam."

"Basi tukubaliane. Utalitembelea shamba kila wiki, na siku ya wakulima ifanyike kabla ya Agosti kwisha. Utaweza?"

Sifuna aliangalia viatu vyake. "Hakuna shida."

Wakonyo aliliona lile jicho lililokwenda viatuni. Aliliona, akataka kuuliza, haya ikamshika. Sifuna alikuwa amemzidi umri kidogo, na kumhoji mtu mzima kuhusu analoficha kulimwia vigumu. Aliandika kwenye karatasi yake: *amekubali*.

Sasa, ofisini Kitale, barua ilikuwa imekamilika, na Cherop aliisoma huku miwani ikimteleza puani.

*Ndugu Sifuna,*

*Asante kwa kikao chetu kuhusu kazi yako ya nusu ya kwanza ya mwaka. Wakulima wa Kimilili na Chwele wanakusifu, nami pia nimeiona bidii yako. Tulizungumza pia yale yanayohitaji kuboreshwa, tukakubaliana yafuatayo.*

*Hatua ya kwanza: ripoti ya kila mwezi ifike Kitale kabla ya siku ya tano ya mwezi unaofuata.*

*Hatua ya pili: shamba la mfano la Bokoli litembelewe kila wiki, na siku ya wakulima ifanyike hapo kabla ya mwisho wa Agosti, wewe ukiiongoza pamoja na mwenye shamba.*

*Msaada wa meneja: Meneja atafuatilia.*

*Tutakutana tena mwisho wa Septemba kutazama tulipofika.*

"Imenyooka," Cherop alisema. "Umeanza na sifa, vizuri. Hatua zinapimika, vizuri. Lakini hapa, kwa msaada. 'Meneja atafuatilia.' Hiyo ni msaada?"

"Sikujua niandike nini. Alisema hakuna shida."

"Wakonyo mama, hata polisi hufuatilia. Mtu akikubali jambo ambalo lilimshinda miezi mitatu, bila kuomba chochote, mimi huwa najiuliza amekubali au amenyamaza." Alimrudishia karatasi. "Lakini ni barua yako. Unajua mkataba wake unaisha Desemba?"

Wakonyo alijua. Ndiyo sababu hakuwa amelala vizuri. Kampuni ilikuwa na nafasi za kudumu mwishoni mwa mwaka, na jambo la kwanza ambalo wakubwa wangeuliza ni kama hatua za Julai zilitimizwa. Sifuna akiikosa Bokoli, angeikosa kazi. Na alikuwa ameoa mwaka uliopita tu. Picha ya harusi alikuwa ameibandika kwenye kabati la stoo: yeye na mke wake Ivy, wote wawili wakicheka mno hata keki ilikuwa imeinama.

Aliituma barua kama ilivyokuwa.

Ilichelewa kurudi. Akampigia simu. "Iko njiani, Madam," Sifuna alisema, na nyuma yake jogoo akawika kama shahidi wa uongo. Hatimaye bahasha ilifika. Wakonyo aliifungua akiwa amesimama.

Kando ya hatua ya kwanza kulikuwa na herufi *H.S.*, kubwa, za mtu asiye na wasiwasi. Kando ya hatua ya pili hapakuwa na kitu. Chini, mahali pa maoni, palikuwa na mstari mmoja: *Nashukuru Madam kwa maneno mazuri. Hatua ya pili naomba Mungu anisaidie.*

Wakonyo alimpelekea Cherop karatasi. "Amekataa."

"Hajakataa. Mtu akikataa anaandika 'sikubali'. Huyu ameomba msaada, na kwa kuwa meneja wake aliandika atafuatilia tu, amempelekea Mungu."

Wakonyo alihisi uso ukimchoma. "Nimwandikie tena?"

"Ukiandika tena atajibu nini? 'Hakuna shida.' Chukua pikapu, uende ulione hilo shamba. Na umwambie unakuja. Usimvizie mtu kama mwizi wa kuku."

Kwa hiyo Alhamisi Wakonyo aliendesha pikapu ya kampuni akiteremka kwa barabara ya Webuye, akapita Kiminini na Kamukuywa, Mlima Elgon ukimwaga mawingu upande wake wa kulia. Sifuna alikuwa akimngoja Misikhu juu ya pikipiki, akiwa amechana nywele na kuvaa shati la kwendea kanisani. Hakucheka.

"Tangulia," Wakonyo alimwambia. "Mimi sijui njia."

Sifuna alitangulia, lakini kadiri walivyokaribia ndivyo pikipiki ilivyozidi kwenda kinyonga. Walipokunja kona ya mwisho Wakonyo aliliona shamba lenyewe, akashika breki kwa mshangao. Alikuwa ametarajia magugu. Mahindi yalikuwa yamesimama kama askari wa gwaride, meusi kwa ubichi, na vibao vya majina ya mbegu vilikuwa vimepanguswa vumbi.

Sifuna alisimamisha pikipiki kando ya barabara, mbali kabisa na lango, akainama kwenye injini.

"Kuna nini?"

"Plagi, Madam. Imeanza mambo yake. Wewe ingia tu, mimi nitakuja."

Plagi haikuwa na mambo yoyote. Hata Wakonyo, ambaye hakujua plagi inakaa wapi, aliona kwamba Sifuna alikuwa akifungua mfuniko wa betri. Akaingia peke yake.

Mwenye shamba alimpokea kwa mikono miwili. "Mulembe, mulembe! Karibu mwanangu! Mimi ndiye Wilkista." Alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, kitambaa cha manjano kichwani, na bila kungoja salamu ziishe alimshika Wakonyo mkono akamvuta kwenye mistari. Alimwonyesha mabua yaliyobeba mahindi mawili mawili, alimwonyesha yaliyobeba moja lakini nono. Nyuma yao alifuata mzee mwembamba mwenye koti, katibu wa kikundi cha wakulima, jina lake Wabwile.

"Umelitunza vizuri sana, mama," Wakonyo alisema. "Na afisa wetu hukusaidia?"

Mama Wilkista ghafla alipendezwa sana na jani moja la mhindi. "Huyo kijana wenu ni mzuri. Mzuri kabisa. Amekuja na wewe?"

"Yuko pale barabarani."

"Eeh, abaki hapo hapo. Hapo ni pazuri." Akageuza uso wake, akauelekeza mgongo kule barabarani. "Mzee Wabwile, hebu muulize huyo aliye barabarani. Haya majani yako na madoa. Ni ya nini?"

Wabwile alikwenda kwenye ua wa shamba, akaweka mikono mdomoni. "Weee! Mwenye shamba anauliza! Madoa ya kijivu kwa majani, ni ya nini?"

Kutoka nyuma ya pikipiki, ambako kilionekana kisogo tu, sauti ya Sifuna ilikuja wazi na ya kitaalamu. "Mwambie mwenye shamba ni ugonjwa wa majani! Wakati huu asipige dawa, mahindi yameshabeba! Akivuna, asiache mabua juu ya udongo, ayafukie! Na mwaka ujao hapo apande maharagwe!"

"Umesikia?" Wabwile alimuuliza Mama Wilkista, aliyekuwa hatua chache kutoka kwake, ingawa hata wa kijiji cha pili walikuwa wamesikia.

"Mwambie nimesikia. Na umuulize kama amekula."

"Weee! Umekula?"

"Mwambie niko sawa!"

"Mwambie aache uongo. Kuna kuku."

Wakonyo alisimama katikati ya mahindi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.  Sasa aliona: hawa wawili walikuwa na ugomvi mkubwa, kiasi cha kutoweza kutazamana, na yeye, bila kujua, alikuwa ameuandikia barua na kuupangia tarehe. Sahani ya ugali na kuku ilifunikwa kwa sahani nyingine, ikapelekwa barabarani kwa mkono wa Wabwile. Wakonyo akamfuata mzee huyo njiani.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "samahani kuuliza. Walikosana nini?"

Wabwile alisimama. Alimtazama, akaitazama sahani, kisha akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa tumbo, hata kuku nusura aanguke.

"Kukosana? Kukosana wapi, msichana wangu! Si huyo ni mkwe! Ameoa Ivy, binti ya huyu mama. Sasa atakanyaga hapo namna gani? Amsalimie mama mkwe kwa mkono? Wakae kivuli kimoja? Wee, hiyo ni heshima, si kukosana. Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hata jina lake hawezi kulitaja, ndiyo unasikia 'mwenye shamba, mwenye shamba'."

Wakonyo aliziba mdomo kwa kiganja. Alizaliwa Kitale, alisoma na watoto wa Kibukusu wa upande huu, alilisikia jambo hilo tangu utotoni. Kwao pia mkwe huheshimiwa, lakini huketi meza moja na mama mkwe akaongezewa chapati. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba heshima inaweza kuingia katika faili la mfanyakazi.

"Na nani alimchagua mama kuwa mwenye shamba la mfano?"

"Kikundi. Tulipiga kura Machi. Nani mwingine analima kama yeye? Kijana alikuwa ameshapewa Bokoli tangu Januari. Kura ilipomwangukia mama mkwe, huyo kijana alikuwa hapo hapo akihesabu. Aligeuka rangi, bana. Mara moja tu alikuja hapa baadaye, siku ya palizi, na hiyo ilikuwa siku mama alikuwa ameenda matanga."

Wakonyo alichukua sahani mikononi mwa mzee. "Nipe. Nitampelekea mimi."

Sifuna alikuwa bado amechuchumaa. Wakonyo aliweka chakula juu ya kiti cha pikipiki, akaketi kwenye nyasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mfanyakazi wake yeyote. 

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia nini, Madam?" Sifuna alijipangusa mafuta ambayo hayakuwapo. "Wewe umetoka ofisini na makaratasi yako. Niseme hatua ya pili ni mama mkwe? Enzi za yule meneja aliyekutangulia, jamaa mmoja wa Kimilili aliomba ruhusa ya mambo ya nyumbani, akachekwa mwaka mzima. Nikaona ninyamaze, nitajipanga. Nilijipanga, nikajipanga, mwisho nikapata barua."

"Barua inasema tulikubaliana."

"Ndiyo inasema."

"Na hatukukubaliana."

Sifuna alinyanyua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe ulikubali, Madam," alisema taratibu. "Mimi nilinyamaza."

Yalikuwa karibu maneno ya Cherop yenyewe. Wakonyo aling'oa jani la nyasi, akalikunja. Haya ilikuwa imemshika siku ile, na haya ilikuwa imemshika Sifuna pia. Wawili wenye haya walikuwa wameketi mezani, na karatasi ikasema kwa niaba yao.

"Basi leo tuanze upya," alisema. "Ila leo ni marufuku kusema 'hakuna shida'. Ukilisema, narudi Kitale na huyu kuku."

Sifuna alicheka. Kicheko kilipanda mpaka ng'ambo, na kule shambani Mama Wilkista, akiwa amegeuza mgongo, alisikika akisema, "Huyo amekula sasa."

"Ripoti," Wakonyo alianza. "Shida iko wapi?"

"Hiyo ni yangu. Nikifika nyumbani jioni nasimulia Ivy yote, hadithi inaisha, mkono unakataa kuandika. Hiyo iache kama ilivyo. Nimeshatia herufi."

"Bokoli?"

"Wakulima wengine wa kikundi naweza kutembelea. Kualika watu naweza, kupanga viti naweza, kupima mahindi, kuandika vibao. Hata kutafuta mzungumzaji naweza. Ila kusimama naye hapo katikati nikishika kipaza sauti, na yeye kando yangu, halafu twende tukale? Madam, wazee wataniuliza nimekosa adabu tangu lini. Na Ivy atakuwa wa kwanza."

"Jepkoech, afisa wa Saboti, anaweza kuja kuiongoza."

"Jepkoech amejifungua wiki jana, Madam."

Ilikuwa kweli. Wakonyo mwenyewe alikuwa amechanga pesa za shali ya mtoto. Akafikiria afisa mwingine, na mwingine, na kila mmoja Agosti alikuwa na siku yake ya wakulima. Wabwile, ambaye alikuwa amesogea polepole hadi masikio yake yakafika kabla ya miguu, alipeleka habari ndani. Hazikukawia kurudi. Zilikuja kwa sauti ya Mama Wilkista mwenyewe, kupitia kwenye mahindi.

"Mzee Wabwile! Muulize huyo meneja, yeye hana mdomo?"

Damu ilimkimbia Wakonyo usoni. Kusimama mbele ya kijiji kizima, kipaza sauti mkononi! Alifungua kinywa kusema kwamba ana vikao, kwamba bajeti, kwamba. Ndipo akaona Sifuna anamtazama, kwa macho ya mtu aliyejua vizuri kabisa maana ya kubanwa na jambo usiloweza kulisema.

"Mimi," alisema, na sauti ikaanza kukimbia, akaishika mkia, "mimi huogopa watu."

"Unaogopa watu?" Sifuna hakuamini. "Na wewe ndiye mkubwa wetu?"

"Ndiyo maana naandika barua."

Walitazamana, wakacheka wote wawili, na Wabwile akacheka nao ingawa yeye alishaanza mapema.

"Nitakufundisha, Madam," Sifuna alisema. "Hakuna shi..." Akajikata. "Shida iko, lakini tutaimaliza."

Barua ya pili iliandikwa juu ya boneti ya pikapu, kwa mkono, ikapigwa chapa baadaye Kitale. Cherop aliisoma kutoka juu hadi chini, akaivua miwani.

*Hatua ya pili: Ndugu Sifuna ataandaa siku ya wakulima ya Bokoli, atawaalika wakulima, ataandaa vibao na orodha ya wageni, na atawapokea langoni. Atawatembelea wakulima wengine wa kikundi kila wiki.*

*Msaada wa meneja: Mwenye shamba la mfano ni mama mkwe wa Ndugu Sifuna, na kwa heshima hawawezi kulisimamia pamoja. Jambo hili lilitokea baada ya eneo kupangwa na si kosa lake. Meneja atalitembelea shamba hilo hadi mavuno, na ataiongoza siku ya wakulima yeye mwenyewe. Januari maeneo yatapangwa upya.*

"Yeye mwenyewe!" Cherop alisema. "Wewe? Ambaye kwenye keki ya Krismasi ulisema 'asante' ukakimbia chooni?"

"Nimeandika," Wakonyo alisema kwa unyonge.

"Umeandika, ndiyo. Sasa hii ni barua." Akaigonga muhuri.

Ilirudi upesi safari hii. *H.S.*, na *H.S.* tena.

Wiki zilizofuata Sifuna alimfundisha meneja wake kwenye stoo ya Bungoma, magunia yakiwa wakulima. "Usiangalie watu wote, Madam. Chagua gunia moja lenye uso mzuri, ongea nalo." "Ukisahau, uliza swali, watajibu wao." "Wasalimie kwa lugha yao, hata ukikosea watakupenda." Wakonyo aliongea na magunia mpaka mlinzi akaanza kuchungulia dirishani.

Siku yenyewe Bokoli ilifurika. Sifuna alikuwa barabarani tangu asubuhi, akipokea wageni, akiandikisha majina, akipanga baiskeli kwa mistari kama mahindi. Mama Wilkista alikuwa ndani kwa kitambaa kipya cha manjano. Kati yao ulisimama ua wa miti, na hakuna aliyeona ajabu.

Wakonyo alishika kipaza sauti. Alikisogeza karibu mno hata spika ikapiga kelele. "Mulembe," alisema.

"Mulembe!" watu walinguruma, naye akainua kichwa.

Alitafuta gunia lake lenye uso mzuri, akampata mama mmoja mstari wa mbele aliyekuwa akinyonyesha. Alimsimulia mama huyo habari za mbegu, aina moja baada ya nyingine, na Mama Wilkista akamalizia kila aina kwa kulivunja hindi na kulinyanyua juu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukimbia. Maswali yalipoanza, alijibu la kwanza, akajibu la pili. La tatu lilitoka kwa mzee mmoja wa Misikhu, kuhusu udongo wa bondeni unaotuamisha maji, na hapo Wakonyo alikwama.

 Ndipo Mama Wilkista, akiwa amegeuza mgongo kwenye ua, alisema kwenye kipaza sauti kwa utulivu kamili: "Mzee Wabwile, hebu muulizie yule wa barabarani."

Umati mzima ulipasuka kwa kicheko. "Weee!" Wabwile alipaza, na wanakijiji wote wakageuka kwenye ua na kupaza naye, "Weee!"

Na kutoka barabarani, juu ya baiskeli na kicheko, sauti ya Sifuna ilileta jibu zima: mitaro, matuta, na mbegu ya kukomaa mapema.

Mwisho wa Septemba walikutana tena Bungoma, kama barua ilivyosema. Ripoti ya Agosti ilikuwa imefika kwa wakati. Ilikuwa fupi, na mwandiko wake wa kupendeza haukuwa wa Sifuna. Wakonyo alipoinua nyusi, Sifuna alikiri bila kuulizwa. "Nasimulia, Ivy anaandika. Mradi inafika, Madam."

"Mradi unaisoma kabla ya kutia sahihi."

"Naisoma. Ananichapa nisiposoma."

Wakonyo alijaza fomu ya ufuatiliaji: hatua ya kwanza, imetimizwa. Hatua ya pili, imetimizwa. Chini aliandika pendekezo lake kwa wakubwa kuhusu Desemba, akaigeuza karatasi Sifuna alisome. Alilisoma mara mbili. Akaangalia viatu vyake, lakini safari hii alikuwa akitabasamu navyo.

"Mahali pa maoni ya mfanyakazi," Wakonyo alimkumbusha, akimpa kalamu. "Na usiandike hakuna shida."

Sifuna alifikiri, akainama, akaandika kwa herufi zake kubwa. Wakonyo hakuisoma mpaka alipofika Kitale, akaisoma pamoja na Cherop, dirishani, na Cherop akacheka hata miwani ikakatika kamba.

*Nimeridhika na hatua zote mbili. Kwa upande wa msaada, Meneja amejitahidi. Ila aongeze sauti kidogo, sisi wa barabarani hatukusikia.*